Printa inachora mistari myeusi toka juu hadi chini: dramu imekwaruzika au katriji ni chafu tu?

Juzi kaingia dada mmoja ofisini na katriji ya 85A kaifunga na gazeti, hata salamu haijaisha anasema kaka naomba uniuzie dramu. Nikamuuliza nani kakwambia ni dramu, akasema fundi. Fundi kaifungua? Hapana, kaangalia karatasi tu. Nikaichukua ile katriji, nikafuta na kitambaa, nikazungusha dramu kwa mkono mara mbili tatu, ule mstari ukarudi pale pale hata umeme hakuna, nikamwambia dada yangu hapa dramu unayoitafuta sio mgonjwa, mgonjwa yuko ndani zaidi.

Sasa naandika hivi kwa sababu hii kesi naiona kila wiki. Nitatumia HP LaserJet P1102 na katriji yake ya 85A kama mfano kwa sababu ndio zimejaa kwenye stesheneri na maofisini, na kwa sababu kwenye hii katriji dramu na tona vinakaa pamoja kwenye kiplastiki kimoja, hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Mwishoni nitagusa zile printa za Braza, yaani Brother, ambazo dramu inakaa peke yake.

Kwanza uelewe huo mstari unatoka wapi

Bila hii hatua zote zinakuwa ni kukariri. Dramu ni lile bomba la kijani au bluu linalong'aa, ndani ni alumini, juu kapakwa utando mwembamba sana. Kila ikizunguka, kuna rola ya mpira nyeusi inayoigusa, hiyo ni rola ya chaji, kazi yake kuipaka dramu chaji hasi uso mzima. Halafu mwanga wa leza unapita na kufuta ile chaji pale tu panapotakiwa maandishi. Tona nayo ina chaji hasi, kwa hiyo inakimbia penye chaji na kukaa pale palipofutwa. Karatasi inapita chini, inaibeba ile tona, inaenda kwenye fyuza inapikwa inashika.

Lakini karatasi haibebi tona yote. Kinachobaki kwenye dramu kinakwanguliwa na bledi ya kufutia, kile kipande cha mpira laini kilichoegemea dramu urefu wote, na ule uchafu unaangukia kwenye chumba cha tona chafu humo humo ndani ya katriji. Dramu inatoka hapo safi, inapakwa chaji tena, mzunguko unaendelea.

Ukishaelewa hapo, mstari mweusi una njia mbili kuu za kuzaliwa. Njia ya kwanza, dramu ina mkwaruzo uliozunguka mwili mzima kama pete. Pale penye mkwaruzo utando umekufa, hapashiki chaji, kwa hiyo kwa macho ya tona ni kama leza imepita hapo, inakaa tu muda wote hata kama karatasi ni tupu. Njia ya pili, dramu ni nzima lakini bledi ina kidonda au ina punje ya uchafu imekwama kwenye ukingo, au chumba cha tona chafu kimejaa, kwa hiyo pale haifuti, tona ya zamani inapita chini ya bledi na kurudi kwenye karatasi kama mstari.

Mkwaruzo unahitaji umeme ili uivute tona, ila bledi mbovu haihitaji umeme wowote, inavujisha tu. Shika hiyo, utaihitaji mbele.

Hatua ya kwanza: hakikisha sio skana

Kama printa yako ina skana juu, mfano M1212nf ambayo nayo inatumia 85A, usiguse katriji kabla hujatoa karatasi moja kutoka kwenye kompyuta. Unakuta mtu analalamika mistari, kumbe mistari ipo kwenye kopi tu, tena kopi za kulisha karatasi kule juu. Pale pembeni ya kioo kikubwa kuna ukanda mwembamba wa kioo, karatasi inapita juu yake huku ikisomwa, katone kadogo ka wino mweupe wa kufutia au gundi kakishika hapo basi kila kopi ina mstari mweusi toka juu mpaka chini. Futa na kitambaa chenye unyevu kidogo, na kwa gundi iliyokauka tumia spiriti kwenye kitambaa, usimwagie kioo. Ukiprinti toka kompyuta mistari haipo, umemaliza, rudi kazini.

Hatua ya pili: toa karatasi tupu, halafu yenye kijivu

Fungua Word, andika nukta moja tu, printi kurasa tano za hivyo. Kisha chora boksi kubwa la kijivu cha kawaida lijaze ukurasa, printi moja. Usipime kwa barua yenye maandishi mengi, macho yanadanganywa.

Panga zile kurasa tano mezani mfululizo. Mstari wa mkwaruzo unakuwa mwembamba kama unywele, umenyooka kama umepigwa rula, na ukurasa wa kwanza mpaka wa tano uko vile vile, mahali pale pale. Mstari wa bledi au uchafu mara nyingi ni mpana kidogo, kingo zake zina ukungu, una vidoadoa pembeni, na unabadilika, ukurasa wa kwanza mzito, wa tatu umefifia, wa tano umekuwa miwili. Ukiona utepe mpana wa kijivu usio na kingo kabisa, hasa kwenye lile boksi, hapo shuku rola ya chaji imeshika uchafu, inapaka chaji vibaya sehemu hiyo.

Na kama sio mstari bali ni nukta zinazojirudia kwenda chini, chukua rula. Dramu ya 85A inazunguka mara moja kila milimita 75 hivi, kwa hiyo nukta ikirudi kila sentimita saba na nusu, tatu au nne kwenye A4 moja, hiyo ni dramu imechubuka sehemu moja. Hiyo ndio kesi rahisi kuliko zote, haina mjadala.

Kama mstari ni mweupe, yaani maandishi yamekatika, hii sio makala yako, huo una sababu nyingine kabisa.

Hapa wengi wanaishia, wanaamua kwa kuangalia karatasi. Karatasi inakupa harufu tu, haikupi ushahidi, kwa sababu mkwaruzo mpana unafanana na bledi na kidonda kidogo cha bledi kinafanana na mkwaruzo. Twende mbele.

Hatua ya tatu: isimamishe njiani

Hii ni kwa ajili ya kujua kama ni katriji kweli au ni fyuza. Printi ule ukurasa wa kijivu, weka mkono kwenye mfuniko wa printa, subiri kichwa cha karatasi kichungulie nje kama vidole viwili, fungua mfuniko. Mota inakufa hapo hapo. P1102 inatoa kama kurasa 18 kwa dakika kwa hiyo ni suala la sekunde, ukikosa mara ya kwanza rudia, hata mimi nakosa.

Toa katriji, ifunike na kitambaa cheusi au gazeti, usiiache juani wala chini ya taa, dramu haipendi mwanga zaidi ya dakika chache. Halafu vuta karatasi taratibu kwa mikono miwili, ukishika pembeni. Ukiacha dakika chache ni vizuri zaidi, fyuza ni ya moto. Tona ambayo haijapikwa inafutika kwa kidole, usiipapase.

Sasa una karatasi moja yenye hadithi mbili. Sehemu ya kichwa imeshapita fyuza, imeshika. Sehemu ya nyuma yake tona imelala tu juu. Kama mstari upo kwenye zote mbili, umezaliwa kwenye katriji. Kama upo kwenye sehemu iliyopikwa tu na kule kwingine hakuna, waachie raha katriji na dramu, tatizo ni fyuza, utando wake umechanika au umeshika uchafu, na utakuwa umeokoa hela ya katriji nzima.

Kuna watu wanapima kwa kuweka katriji nyingine. Ni sawa, mstari ukipotea ujue printa ni nzima. Ila hicho kipimo hakikwambii kama ni dramu au uchafu, kwa sababu kwenye 85A umebadilisha vyote kwa pamoja. Nimeona mtu anaapa ni dramu kisa kaweka katriji ya jirani ikakaa sawa.

Hatua ya nne: tafuta mahali penyewe kwenye dramu

Printi ukurasa mmoja mtupu, uache utoke wote, zima printa, toa katriji. Sasa lazima ujue mstari wa kwenye karatasi uko sehemu gani ya dramu, na hapa watu wanageuza kulia kushoto wanakagua upande mzima usiohusika.

Fanya hivi. Weka karatasi mezani, uso uliochapwa juu, kichwa cha karatasi kikiwa mbali na wewe. Weka katriji juu yake vile vile inavyokaa ndani ya printa ukiwa umesimama mbele ya printa. Karatasi inapita katikati, kwa hiyo panga katikati ya karatasi na katikati ya dramu, A4 ina upana wa milimita 210, katikati ni 105. Mstari ulipo kwenye karatasi, dramu iko juu yake moja kwa moja. Weka alama ya kipande cha selotepu kwenye plastiki ya katriji, usiguse dramu.

Fungua kile kifuniko cha dramu, inamisha katriji mpaka mwanga wa dirishani uteleze juu ya dramu. Angalia usawa wa alama yako. Tochi ya simu inafaa lakini iweke pembeni, ikipiga moja kwa moja unaona mng'ao tu.

Unaweza kuona kitu kimoja kati ya vitatu. Mstari wa tona umekaa juu ya dramu. Pete nyembamba inayong'aa tofauti, ya fedha au ya kufifia, bila tona. Au vyote viwili kwa pamoja, na hiyo ndio inayosumbua.

Hatua ya tano: futa halafu zungusha kwa mkono

Hii ndio roho ya kazi yote.

Chukua kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kikavu, cha kufutia miwani ni kizuri. Futa dramu pale penye mstari kwa kufuata mzunguko wake, kwa upole. Usitumie thina, petroli wala kile cha kutolea rangi za kucha, vitu hivyo vinakula utando na utakuwa umetengeneza tatizo ambalo halikuwepo. Usiguse na vidole, mafuta ya mkono yanabaki na yataonekana kwenye kurasa.

Halafu zungusha dramu kwa ile gia ya pembeni. Mwelekeo ni muhimu sana. Dramu inakwenda na karatasi, kwa hiyo upande wake wa chini unatembea kutoka mbele ya printa kwenda nyuma, kule karatasi inakoelekea. Ukizungusha kinyume, bledi inaweza kupinduka ukingo na ukaanza ugonjwa mpya. Kama ni ngumu ghafla, acha, usilazimishe.

Zungusha mizunguko miwili mitatu kamili huku ukiangalia alama yako.

Kama mstari wa tona unarudi hapo hapo, umeme hakuna, printa imezimwa, basi tona hiyo imetoka kwenye bledi au chumba cha tona chafu. Mkwaruzo usingeweza kufanya hivyo kwa sababu bila umeme hakuna kinachoisukuma tona iruke kutoka kwenye rola ya sumaku, ile inayobeba tona mpya, kwenda kwenye dramu. Uchafu au bledi, hukumu imetoka.

Kama dramu inabaki safi kabisa hata ukizungusha mara tano, halafu ukirudisha katriji na kuprinti mstari unarudi ukurasa wa kwanza kabisa, mwembamba, pale pale, basi angalia tena kwa mwanga wa kuteleza, utaiona ile pete. Hiyo ni dramu, imekwisha, hakuna dawa. Watu wanaosugua dramu kwa dawa ya meno wanaongeza mikwaruzo.

Na kama inabaki safi, unaprinti, kurasa kumi za mwanzo nzuri halafu mstari unaanza kurudi kidogo kidogo? Huo ni uchafu, dramu haina mkwaruzo wa kutisha. Mkwaruzo haupumziki. Bledi yenye punje inapumzika kidogo ukiifuta, kisha tona inajikusanya tena nyuma yake.

Hatua ya sita: fungua, kama hukumu ni uchafu

Vaa barakoa, tandaza gazeti, kaa sehemu isiyo na feni. Tona ni unga mwembamba mno, usijaribu kuivuta na mashine ya kawaida ya kufagilia ya nyumbani, unapita kwenye kichujio unarudi hewani. Ikikupata kwenye nguo au mikono osha na maji ya baridi, ya moto yanaifanya ishike.

85A ina pande mbili zilizounganishwa na pini mbili za chuma, moja kila upande. Ukizichomoa katriji inagawanyika, upande mmoja una tona na rola ya sumaku, upande mwingine una dramu, rola ya chaji, bledi na chumba cha tona chafu. Piga picha kila hatua kabla hujatoa kitu, hasa zile springi, mimi nilishawahi kubaki na springi moja mkononi na katriji imeshafungwa.

Toa dramu, ifunge kwenye gazeti iwe gizani. Toa rola ya chaji, inachomoka kwenye vibanio vyake, ifute kwa kitambaa kikavu na kama ina ukoko tumia maji kidogo halafu iache ikauke kabisa. Spiriti kwenye hiyo rola siipendi, mpira wake unabadilika.

Bledi imeshikwa na skrubu mbili. Kabla hujaifungua, angalia ukingo wake usawa wa alama yako ya selotepu. Mara nyingi hapo ndipo unakutana na mchawi, punje ya mchanga, kauzi, kipande cha pini ya stepla, au donge la tona lililoganda. Fungua bledi, tembeza ukingo wake mbele ya mwanga. Ukiona ukingo umenyooka wote, ifute, mwaga tona chafu yote, rudisha. Ukiona kijimeno kimelika, hata kidogo kama ncha ya sindano, badilisha bledi, kusafisha hakutasaidia hata siku mbili.

Kuhusu chumba cha tona chafu, hii ni kwa katriji zilizojazwa. Katriji mpya ya 85A inahesabiwa kurasa kama 1,600, na chumba chake cha uchafu kimekadiriwa kwa maisha hayo. Mtu anatoboa tundu anajaza tona mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hajawahi kumwaga uchafu hata siku moja. Unategemea uende wapi? Unarudi kupita juu ya bledi. Dalili zake, mistari ni mingi na mipana, miisho ya dramu imechafuka, na ukitingisha katriji kidogo inamwaga unga.

Tona chafu usiirudishe kwenye tona nzuri. Najua wapo wanaofanya. Ina vumbi la karatasi, na hilo vumbi linaenda kukaa kwenye bledi tena.

Kesi yangu moja niliyopigwa nayo

Printa ilikuwa yangu mwenyewe, msimu wa wanafunzi kuprinti ripoti za fildi, kazi haikati. Katriji imeshajazwa mara tatu. Ukatokea mstari mmoja sentimita nne kushoto kutoka katikati, mwembamba, kila ukurasa. Nikaisimamisha njiani, mstari upo kabla ya fyuza. Nikaangalia dramu kwa mwanga, pete ipo, inaonekana wazi. Nikasema basi, dramu. Sikuzungusha kwa mkono, kisa nilishaiona pete.

Nikanunua dramu mpya nikaweka. Siku ya kwanza kurasa safi kabisa nikajisifu. Siku ya tatu mteja ananirudishia kurasa arobaini, mstari uko pale pale, sentimita nne kushoto. Nikadhani dramu niliyouziwa ni ya hovyo, nikaenda kugombana na muuzaji bure.

Niliporudi nikatulia, nikafuta, nikazungusha bila umeme. Mstari wa tona ukajitokeza mzunguko wa kwanza tu. Nikafungua, kwenye ukingo wa bledi usawa ule ule kuna kichembe kigumu kimezama kwenye mpira, nadhani kilitokana na karatasi za upande mmoja tulizokuwa tunatumia, zile zilizong'olewa pini. Kile kichembe kilikuwa kinafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kinainua bledi ili tona ipite, na kinachora dramu kama msumari. Dramu ya kwanza kiliimaliza, ya pili kilikuwa kimeshaanza, pete changa inaonekana ukiangalia kwa makini.

Ikabidi ninunue dramu ya tatu na bledi mpya. Hasara yangu ni kwamba niliona pete nikaacha kutafuta nani kaichora. Kwa hiyo ile hali niliyosema inasumbua, pete na tona vyote vipo, jibu lake ni hili, badilisha dramu na bledi kwa pamoja, usitenganishe hata kama bledi inaonekana nzuri kwa macho. Pete ya kuzunguka mwili mzima haijitokezi yenyewe, kuna kitu kimesimama pale kikaichora, na kinachosimama muda wote huku dramu inazunguka ni bledi.

Ukiweka bledi mpya usiiweke kavu. Mpira mkavu juu ya dramu kavu unang'ang'ania na kupinduka mzunguko wa kwanza. Mafundi wana poda maalumu ya kupaka dramu, kama huna, paka tona kidogo kwa brashi laini kwenye ukingo wa bledi, inatosha. Poda ya mtoto hapana, ina vitu vyake vingine. Ukishapaka, zungusha dramu kwa mkono mizunguko kadhaa mwelekeo sahihi, ndipo uirudishe kwenye printa. Kurasa mbili za mwanzo zikiwa na ukungu usishtuke.

Sasa za Braza

Kwenye hizi tona na dramu ni vitu viwili, unachomoa tona kutoka kwenye dramu kwa kile kitasa. Kwa hiyo ukiwa na tona nyingine ya kuazima kazi ni nyepesi, badilisha tona peke yake, mstari ukibaki ujue uko upande wa dramu. Lakini usikimbilie kununua dramu, kwa sababu hizi hazitumii rola ya chaji, zinatumia waya mwembamba uliotandazwa juu ya dramu, na waya ukishika vumbi unatoa mistari myeusi ya wima inayofanana kabisa na dramu iliyokufa.

Juu ya kifaa cha dramu kuna kitufe cha kijani kinachoteleza. Kitelezeshe kulia kushoto mara kumi hivi, halafu kirudishe mpaka kwenye alama yake ya pembetatu. Hapa ndipo penye kichekesho, ukikiacha katikati printa yenyewe inachora mstari wima kwenye kila ukurasa, mtu kasafisha vizuri kisha anakuja kulia kwamba tatizo limezidi. Nimeshaletewa dramu mbili za kutupa ambazo ugonjwa wao ulikuwa kile kitufe tu.

Umesafisha waya, kitufe kiko kwenye alama, tona umebadilisha, mstari mwembamba bado upo pale pale? Hiyo sasa ni dramu kweli, agiza nyingine.